Wasia wa Sayyid Said wa Mwaka 1850: Nani Aliachwa Huru na Nani Alibakizwa Shambani

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, aliandika wasia wake mwaka 1850. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 ndani ya merikebu yake ya kivita, Victoria, akiwa njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Katika wasia huo mna kifungu kinachohusu watumwa wake. Kinasema kuwa watumwa wote, wanaume kwa wanawake, watakaokuwa wamebaki katika milki yake baada ya kufa kwake, wawe huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kwa kutaraji rehema Yake, isipokuwa wale walioko katika mashamba yake. Kisha kinaongeza kuwa kila aliyeachwa huru abaki na vile alivyokuwa navyo mkononi.

Kifungu hiki hutajwa mara kwa mara kama ushahidi wa ukarimu wa bwana aliyeacha watu huru, na hutajwa vilevile kama ushahidi wa unafiki wa bwana aliyewabakiza wengi zaidi utumwani. Naona usomaji wa namna zote mbili unakwenda haraka mno. Kabla ya kuhukumu tunapaswa kuuliza sheria ya Kiislamu ilivyokuwa ikimtaka na kumruhusu afanye, ni uachaji huru wa aina gani aliouchagua, na watu waliotajwa walipata nini hasa. Tukishapata majibu hayo, maneno machache ya "isipokuwa walioko mashambani" yanatueleza mengi kuhusu utumwa wa pwani yetu kuliko sehemu yote iliyobaki ya kifungu.

Nianze na wenyewe waliotajwa. Binti yake Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anasema baba yake alikuwa na mashamba 45 yaliyotawanyika kisiwani Unguja. Anaeleza kuwa mashamba madogo yalikuwa na watumwa kati ya 50 na 100, na makubwa yalifikia hata 500. Kwa upande mwingine, jumba la Mtoni peke yake, kwa makadirio yake, lilikuwa na watu wapatao elfu moja, wakiwamo watoto wa Sayyid, masuria, wahudumu, wapishi, wachotaji maji, mabaharia na walinzi. Takwimu za mtoto aliyekulia ndani ya jumba hazipaswi kuchukuliwa kama hesabu ya karani, lakini zinatosha kutuonyesha uwiano. Hata tukichukua kiwango cha chini, watu wa mashambani walikuwa maelfu kadhaa. Kwa hiyo katika wasia huu walioachwa nje ndio wengi, na walioingizwa ndio wachache.

Sasa tuangalie sheria. Sayyid Said alikuwa Ibadhi, na raia wake wengi wa pwani walikuwa Mashafii. Nitatumia zaidi kanuni za Kishafii, kama zilivyopangwa na Imamu Nawawi katika karne ya 13 ndani ya Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana na masheikh wa pwani. Palipo na tofauti kubwa baina ya madhehebu nitaitaja. Msingi wenyewe, yaani aya za Kurani na mpaka wa theluthi katika wasia, ni wa wote.

Uachaji huru uliingia katika fikihi kwa milango kadhaa, na kila mlango una masharti yake. Mlango mpana kuliko yote ni ule wa hiari, ambapo mtu humwacha mtumwa wake huru akitafuta thawabu bila kulazimishwa na kitu. Sura ya 90 inataja kufungua shingo, yaani kumtoa mtu utumwani, kama sehemu ya kupanda njia ngumu ya mlimani. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaahidi kuwa anayemwacha huru mtumwa Muislamu, Mungu ataepusha na moto kila kiungo cha huyo bwana kwa kila kiungo cha aliyeachwa. Abu Dharri alipomuuliza Mtume ni mtumwa yupi aliye bora kuachwa huru, alijibiwa kuwa ni yule mwenye thamani ya juu zaidi na anayependwa zaidi na wenyewe. Naomba msomaji alishike jibu hili, kwa sababu tutalihitaji.

Mlango wa pili ni kafara, na hapa jambo huwa wajibu. Aliyeua mtu kwa bahati mbaya anatakiwa na sura ya 4 kumwacha huru mtumwa muumini, pamoja na kulipa diya. Aliyemwambia mkewe kuwa ni haramu kwake kama mgongo wa mama yake, kiapo kinachoitwa dhihari, hawezi kumrudia mpaka aache mtumwa huru. Asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, na asipoweza hilo pia alishe masikini 60. Aliyevunja kiapo chake cha kawaida ana hiari ya kulisha masikini kumi, kuwavisha, au kumwacha mtumwa huru. Aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani anafuata mpango ule ule wa dhihari. Chanzo chake ni hadithi ya Abu Huraira kuhusu mtu aliyemjia Mtume akisema ameangamia, akaulizwa kama anaweza kuacha mtumwa huru, akasema hawezi, akaulizwa kuhusu saumu na kulisha, akasema hawezi pia, mwishowe akapewa kikapu cha tende akawalishe watu wa nyumbani kwake kwa kuwa hapakuwa na masikini kuliko wao.

Sharti la imani limetajwa waziwazi katika kafara ya kuua tu. Mashafii, Wamaliki na Wahanbali walilieneza katika kafara zote, wakati Wahanafi walilibakiza pale lilipotajwa. Hata hivyo sehemu inayotufaa zaidi ni masharti ya mwili na hali ya mtumwa, kwa sababu ndani yake mafakihi walionyesha kuwa waliwajua vizuri wenye watumwa. Nawawi anataka mtumwa wa kafara awe hana kasoro inayodhuru kazi na uchumaji. Mtoto mdogo anafaa, kwa kuwa atakua. Kiwete anayeweza kutembea bila kukatiza anafaa, na chongo na kiziwi wanafaa. Mkongwe asiyeweza kazi hafai, wala mgonjwa asiyetarajiwa kupona, wala aliyekosa mguu. Hata aliyekatika kidole cha mwisho pamoja na cha pete katika mkono mmoja hafai, kwa sababu mkono huo haushiki zana sawasawa.

Mtu anaweza kuona kanuni hizi kama ukaguzi wa bidhaa, na kweli lugha yake inaumiza kuisoma. Lakini lengo lake ni kumzuia bwana asilipe deni lake kwa Mungu kwa mtu ambaye amekwisha kumtumia mpaka akachakaa. Bwana alikuwa na wajibu wa kumlisha na kumvisha mtumwa wake mzee. Akimwacha huru uzeeni, yeye ndiye anayefunguliwa mzigo, na mzee anatoka mlangoni bila nguvu ya kujitafutia chakula. Fikihi ilisema waziwazi kuwa hiyo haihesabiwi kafara.

Kwa mantiki hiyo hiyo, haihesabiwi kafara kumwacha huru mtumwa ambaye tayari amekwisha kuwa na haki ya uhuru. Suria aliyemzalia bwana wake mtoto hafai, kwa sababu katika madhehebu ya Kisuni huwa huru bwana anapokufa. Mtumwa aliyeandikiana na bwana mkataba sahihi wa kujikomboa kwa malipo ya awamu hafai kwa Mashafii, kwa kuwa uhuru wake tayari umeshauzwa. Kumnunua baba au mtoto wako aliye mtumwa kwa nia ya kafara hakufai pia, kwa sababu yeye huwa huru kwa kununuliwa tu. Kumwacha mtu huru kwa sharti akulipe fedha hakufai, kwa kuwa bwana anakuwa ameuza. Kafara inataka mambo mawili yakutane: bwana apate hasara ya kweli, na mtumwa apate uhuru ambao asingeupata vinginevyo.

Mlango wa tatu ni wasia, na huu ndio alioupita Sayyid Said. Mtu anaweza kusema kuwa mtumwa wake awe huru atakapokufa. Faida yake kwa bwana ni dhahiri: anapata thawabu bila kukosa huduma hata siku moja ya uhai wake. Lakini sheria iliuwekea mlango huu kizuizi kikubwa, nacho ni theluthi. Baada ya mazishi na madeni, wasia hauwezi kuzidi theluthi moja ya mali iliyobaki bila idhini ya warithi. Kuhusu watumwa hasa kuna hadithi ya Imrani bin Huswaini, iliyopokewa na Muslim, ya mtu aliyewaacha huru watumwa sita alipokuwa anakufa, na hakuwa na mali nyingine yoyote. Mtume aliwagawa mafungu matatu, akapiga kura, akawaacha huru wawili na kuwarudisha wanne utumwani, na alimsema marehemu maneno makali. Mashafii walifuata njia ya kura. Abu Hanifa aliona badala yake kuwa kila mmoja wa sita huwa huru kwa theluthi yake, kisha anafanya kazi kulipa thamani ya sehemu iliyobaki, wala harudishwi kuwa mtumwa kamili.

Kisa hiki kinagusa moyo, na sioni haja ya kukipamba. Watu wanne waliokwisha kusikia kuwa wako huru walirudishwa utumwani kwa sababu ya haki ya warithi. Kinatuonyesha ukomo wa uhimizaji wote tulioutaja: sheria ilimsukuma mwenye mali atoe, lakini haikumruhusu atoe kile ambacho mauti yalikuwa yamekwisha kukihamishia kwa wengine. Mtumwa alibaki kuwa mali inayorithiwa, na thawabu ya marehemu ilikuja baada ya fungu la mtoto wake.

Turudi kwenye wasia wa 1850. Jambo la kwanza la kutambua ni kuwa haukuwa kafara. Kafara inataka nia ya kulipa kafara, na mtumwa aliyekaguliwa kwa masharti tuliyoyaona. Kifungu cha Sayyid kinawaacha huru watu kwa jumla, wazima na wagonjwa, vijana na wakongwe, kwa kutaraji rehema. Ni tendo la hiari lililosubirishwa mpaka baada ya kifo. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu waandishi wa kisasa hupenda kuyaweka matendo yote ya kuacha huru katika kapu moja la "kafara ya dhambi". Bwana anayekaribia kufa na kuhofia hesabu yake anaweza kweli kuwa na hisia ya kujisafisha, lakini kifikihi hiyo ni sadaka, na sadaka haina masharti yale makali yanayomlinda mtumwa mzee asitupwe.

Pili, maneno "watakaobaki katika milki yake baada ya kufa kwake" yana uzito. Kwa Mashafii, mtumwa aliyeahidiwa uhuru baada ya kifo cha bwana anaweza kuuzwa wakati wowote bwana akiwa hai. Wahanafi na Wamaliki walimzuia bwana asimuuze mtu aliyekwisha kupewa ahadi ya moja kwa moja ya namna hiyo. Kwa jinsi kifungu kilivyoandikwa, hakuna mtu aliyetajwa kwa jina na hakuna aliyepata haki yoyote siku wasia ulipotiwa saini. Kwa miaka sita iliyofuata Sayyid aliweza kuuza, kutoa zawadi au kumhamishia shambani yeyote aliyemtaka, na anayehamishiwa shambani alitoka kwenye uhuru na kuingia kwenye ubaguzi wa wasia.

Tatu, kuna kile kipengele cha kubaki na vitu vyao. Msomaji wa leo anaweza kukipita haraka, kwa kuwa anaona ni jambo la kawaida mtu kubaki na vyake. Kwa Mashafii haikuwa hivyo. Mtumwa hamiliki, kilichoko mkononi mwake ni cha bwana, na akiachwa huru bila kutajwa mali hiyo, vitu hivyo huenda kwa bwana au warithi wake. Malik peke yake kati ya maimamu wakubwa wanne ndiye aliyeshikilia kuwa mali ya mtumwa humfuata anapoachwa huru, ila bwana akiibagua. Katika jumba kama la Mtoni, mhudumu wa miaka mingi angeweza kuwa na nguo, vyombo, mapambo ya fedha, pengine hata mtumwa wake mwenyewe. Bila maneno yale, warithi wangekuwa na haki ya kumvua vyote siku ile ile aliyokuwa huru. Hapa naona mkono wa mwandishi aliyeijua sheria vizuri, na naona pia kujali kwa kweli. Asiyejali hangekumbuka kuliziba tundu hili.

Nne, kuna masuria. Salme anasema baba yake aliacha watoto 36, na watoto hao walizaliwa na masuria. Ikipimwa kwa kanuni ya Kisuni, suria aliyezaa huwa huru kwa kifo cha bwana wake bila kuhitaji wasia, na uhuru wake hautolewi ndani ya theluthi bali katika mali yote. Kwa kundi hilo, wasia ungekuwa unathibitisha tu kile ambacho sheria tayari ilikuwa inakitoa. Waliopata kitu kipya ni masuria wasiozaa pamoja na wahudumu wa kawaida wa jumba. Mwanahistoria anayehesabu walioachwa huru kwa wasia bila kuwatenga hawa atajikuta ameuhesabia ukarimu kitu kilichokuwa haki.

Sasa lile la mashamba. Kuna maelezo mawili yanayowezekana. La kwanza ni la kisheria: huenda Sayyid alihofia kuwa akiwaacha wote huru, thamani yao ingepita theluthi, na kura au mgawo ungevuruga kila kitu. Hoja hii ina nguvu kiasi, lakini haitoshi. Sheria ilikuwa na njia yake ya kushughulikia ziada, na njia hiyo haikumtaka mwenye kuusia achague kwa mahali pa kazi. Angeweza kuwaacha huru wote na kuiachia theluthi ifanye kazi yake, au kuchagua wakongwe, au waliomtumikia kwa miaka fulani, wa jumba na wa shamba pamoja. Alichora mstari baina ya anayemhudumia ndani na anayechuma karafuu nje.

La pili ni la kiuchumi, na ndilo ninaloliona zito zaidi. Wakati wa utawala wake, karafuu zilienea Unguja na Pemba mpaka mashamba yakawa ndiyo hazina ya familia. Shamba la karafuu bila watu wa kuchuma ni msitu wa miti mirefu tu. Msimu unapofika, vikonyo lazima vichumwe kabla maua hayajafunguka, kila mti hupitiwa zaidi ya mara moja kwa sababu haviivi pamoja, na baada ya hapo kuna kuchambua na kuanika. Kurithisha mashamba 45 huku ukiwaondoa wachumaji ni sawa na kutorithisha kitu. Watoto 36, mtoto wa kiume akipata mara mbili ya wa kike, walikuwa wanasubiri mafungu ambayo thamani yake ilikaa ndani ya miili ya watu wale.

Hapo ndipo jibu alilopewa Abu Dharri linaporudi, na linarudi kwa namna isiyo rahisi. Kwa bei ya mtu mmoja mmoja, watu wa jumbani ndio waliokuwa ghali. Suria wa Kihabeshi au wa Kicherkesi aliuzwa kwa bei kubwa kuliko kijana aliyeletwa kutoka bara la Kilwa kwenda kulima. Na waliopendwa zaidi na wenyewe walikuwa hao hao wa ndani, waliojulikana kwa majina, waliolea watoto wa jumba. Kwa kipimo hicho Sayyid Said aliifuata hadithi. Lakini kwa kipimo cha pato, thamani yote ilikuwa shambani, na huko hakugusa. Hadithi ilisemwa katika jamii ambayo mtumwa alikuwa mtu mmoja ndani ya nyumba, na kupendwa kwake na thamani yake vilikwenda pamoja. Unguja ya 1850 ilikuwa imevitenganisha vitu hivi viwili. Ilikuwa na watu waliopendwa na watu waliozalisha, na bwana aliweza kutimiza mafundisho kikamilifu kwa kundi la kwanza bila kulipunguza la pili hata kwa mtu mmoja.

Wanahistoria wa pwani wamelifikia jambo hili kwa njia zao. Frederick Cooper, aliyechunguza utumwa wa mashambani Unguja, Pemba na pwani ya Kenya, alionyesha kuwa uachaji huru ulikuwa jambo halisi na la mara kwa mara, lakini ulifuata ukaribu. Mzalia, yaani aliyezaliwa pwani, mtumwa wa nyumbani na fundi walikuwa na nafasi kubwa kuliko mtu aliyeletwa juzi na kupelekwa moja kwa moja shambani. Mtu wa shamba alikuwa na kipande chake cha ardhi na siku zake mbili, Alhamisi na Ijumaa, za kujilimia, na utaratibu huo ulimpa nafasi ya kupumua bila kumkaribisha na karatasi ya uhuru. Kumwacha huru mtu wa karibu pia hakukumwondoa. Sheria ya walaa inamfanya aliyeachwa awe mfuasi wa nyumba ya aliyemwacha, na akifa bila warithi wa damu wanaochukua mali yote, kilichobaki huenda kwa bwana huyo au ndugu zake wa kiume. Walioachwa huru na Sayyid Said walibaki kuwa watu wa ukoo wa Busaidi, wakaoa, wakazika na kutafuta ulinzi chini ya jina hilo.

Swali gumu zaidi kwa wanahistoria ni kama uachaji huru ulipunguza utumwa au uliulisha. Jamii inayowaacha watu huru kwa wingi, na ambayo watoto wa masuria huzaliwa huru, hupoteza watumwa kila kizazi na lazima iwapate wengine. Pwani yetu iliwapata kwa misafara ya bara. Mkataba wa 1845, ulioanza kutumika 1847, ulikuwa umemzuia Sayyid kupeleka watumwa Arabuni, lakini uliacha biashara wazi baina ya bandari zake za pwani, kutoka Kilwa hadi Lamu. Alipoandika wasia wake, pengo la mtu aliyeachwa huru mjini lilikuwa bado linazibika kwa jahazi moja kutoka Kilwa. Sisemi kuwa kila aliyeacha mtu huru alikuwa na hesabu hiyo kichwani. Nasema kuwa thawabu ya mmoja na utekaji wa mwingine viliweza kukaa katika mfumo mmoja bila kugongana, na kwamba sheria, iliyoshughulika na bwana na mtumwa wake tu, haikuwa na chombo cha kuuona uhusiano huo. Ilikataza kumtia utumwani Muislamu aliye huru, ila ilikuwa vigumu kuuliza swali hilo sokoni, kwa mtu aliyekwisha kupita mikono mitatu.

Kuhusu ushahidi wenyewe, mtafiti anapaswa kuchukua tahadhari mbili. Hati za uhuru zimesalia kwa sababu zilimfaa aliyepewa. Alizitunza ili zimlinde asikamatwe tena. Aliyebaki mtumwa mpaka kufa hakuwa na karatasi ya kutunza. Mtu anayesoma hati hizo peke yake ataona jamii ya kuachana huru, kama vile anayesoma talaka peke yake angedhani hakuna ndoa zilizodumu. Tahadhari ya pili ni kuwa wasia ni kauli ya nia. Unatueleza alichotaka mwenye mali na alichojua mwandishi wake, na utekelezaji wake lazima utafutwe kwingine, katika madai ya warithi, katika kumbukumbu za kadhi, na katika maisha ya watu waliodai kuwa huru baadaye. Hati inayotaja umri na kazi ya aliyeachwa ina thamani kubwa kuliko kumi zinazotaja jina tu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kutuambia kama bwana aliacha nguvu kazi au alijiondolea mzigo.

Waliobakizwa mashambani mwaka 1856 waligawanywa pamoja na ardhi. Njia yao ya kutoka ilikuwa hisani ya mrithi mmoja mmoja, kutoroka, au kusubiri amri ya Aprili 1897 ya Sultani Hamoud bin Mohammed, iliyowaruhusu watumwa wa Unguja na Pemba kwenda mahakamani kudai uhuru huku serikali ikiwalipa fidia wenye watumwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909, kwa hiyo safari hii waliobaguliwa ni watu wa ndani. Na hata uhuru huo wa serikali haukuwatosha wote. Miongoni mwa mabwana, na miongoni mwa watumwa wenyewe, walikuwapo walioshikilia kuwa uhuru mbele ya Mungu hutolewa na mwenye milki peke yake, na kwamba cheti cha mahakama kilichopatikana bila ridhaa yake hakimwondolei mtu utumwa kisheria. Wengine waliokuwa tayari huru mbele ya serikali walirudi kwa waliokuwa mabwana wao kuomba tamko la kuachwa huru, ili ndoa zao na urithi wao visije vikapingwa.